Naomba ajenda moja tu, si kikao kizima

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa chombo kinachosimamia maji ya kijiji chetu. Nimesikia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba mwezi ujao halmashauri ya kijiji itajadili kujenga vibanda 18 vya soko kando ya barabara, kuanzia ghalani hadi gati la pili la kuchotea maji. Bomba letu la inchi mbili linapita hapo hapo chini. Nalijua kwa sababu mwaka jana lilipopasuka nililifukua mwenyewe. Mimi si mjumbe. Nataka niingie kwenye ajenda hiyo moja, nieleze, nitoke. Shida ni kwamba mwaka jana mwenyekiti wa chombo chetu alialikwa kwenye ajenda ya bei ya ndoo, akakaa mpaka mwisho, akachangia hadi habari za mahindi ya shule. Wajumbe walisema tunataka kuwaongoza. Sasa mtendaji akituona anakunja uso. Niombeje nikubaliwe, na nikishaingia nifanyeje wasione nimekuja kuteka kikao chao?*

*Fundi wa maji, Iringa*

Marahaba mwanangu.

Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka 14, na mtendaji ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Ndiye anayeandika ajenda, anayegawa barua za mwaliko, anayeshika daftari la mahudhurio. Mgeni akizidisha, mwenyekiti anamgeukia yeye: "Huyu nani kamleta?" Kwa hiyo uso wa mtendaji wako naufahamu vizuri. Hana kinyongo na wewe. Anakumbuka siku aliyoulizwa swali hilo akakosa jibu.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Pale unanyoosha mkono, unapewa nafasi, unasema. Halmashauri ya kijiji ni kitu kingine. Ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na wenyeviti wa vitongoji wamo kwa nafasi zao. Vibanda vikijengwa vibaya, wao ndio watakaosimama mbele ya wananchi kujieleza. Wewe utaulizwa habari za bomba tu. Ukiliweka hilo moyoni, mengi ninayokwenda kukuambia utayaona yanajileta yenyewe.

Umesema umesikia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usianzie kwake, na usianzie kwa mtendaji. Ajenda ya vibanda ina mwenyewe. Jambo kama hilo hupikwa kwenye kamati ya fedha, uchumi na mipango, na siku ya kikao mwenyekiti wa kamati hiyo ndiye atakayesimama kuliwasilisha. Amekwisha kupima, amehesabu vibanda 18, pengine amekwisha kuwadokeza watu watakaopanga. Sasa wazia yeye amemaliza kuwasilisha, wewe unaingia na kusema chini ya vibanda vyake kuna bomba. Hata ukisema kwa upole namna gani, umemwambia mbele ya wenzake kwamba hakufanya kazi yake. Kuanzia hapo atavitetea vibanda mahali palepale vilipo, kwa sababu kuvisogeza kutakuwa kukubali kwamba aliaibika. Wageni wengi waliofukuza mafanikio yao wenyewe niliwaona wakikosea hapa, wala haikuwa kwa kusema sana. Walimshtukiza mwenye ajenda.

Nenda kwake nyumbani, jioni, mtu mmoja. Mwambie: "Mzee, nimesikia kuna mpango wa vibanda pale barabarani. Bomba letu linapita pale, nikaona nikuonyeshe kabla hujaliwasilisha." Halafu nendeni pamoja na jembe. Chimba shimo moja tu, mahali ambapo kibanda cha tatu au cha nne kitakaa, mpaka bomba lionekane. Mwache apime kina mwenyewe kwa mpini wa jembe. Bomba mtu aliloliona kwa macho yake habishani nalo tena, na siku ya kikao atasema "tulikwenda na fundi tukaona", wala hatasema "fundi anadai". Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko hotuba yoyote utakayoitoa.

Ukitoka kwake, ishia hapo. Usizunguke kwa wajumbe mmoja mmoja kuwaomba wakuunge mkono. Najua inavutia, hasa ukishaona mmoja ameelewa. Lakini kuwapitia wajumbe 20 majumbani kabla ya kikao ni kukiendesha kikao kabla hakijafunguliwa, na habari hiyo itamfikia mwenyekiti kabla hujafika kwa mjumbe wa tano.

Sasa barua. Wewe ni mwajiriwa wa chombo, kwa hiyo barua haitoki kwako. Inatoka kwenye chombo chenu, na anayeisaini ni yule yule mwenyekiti wa mwaka jana. Usione hilo kama kikwazo. Heshima yake iko kwenye sahihi, na ni haki yake. Kitakachokuokoa ni kwamba barua inataja nani anakuja, na kwamba anakuja peke yake. Akikuambia "tutakwenda wote", mjibu kwa adabu: "Mwenyekiti, wakiuliza kina cha bomba nitajibu mimi, na wakiona tumekwenda wawili watadhani tumekwenda kubishana nao." Wageni wawili kwenye chumba cha wajumbe 20 tayari ni ujumbe, na mwenyekiti wako akiwemo, kila neno lako litasikika kama lake.

Ingekuwa mimi, ningeiandika hivi:

> Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji,
> K.K. Mtendaji wa Kijiji.
>
> YAH: OMBI LA FUNDI WETU KUALIKWA KWENYE AJENDA YA VIBANDA VYA SOKO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tunaomba fundi wetu wa maji aalikwe kwenye ajenda hiyo moja katika kikao cha mwezi ujao. Ataeleza kwa dakika 5 mahali bomba linapopita, atajibu maswali ya wajumbe, kisha atatoka kabla wajumbe hawajaanza kuamua. Atakuja peke yake.
>
> Karatasi yenye mchoro na vipimo imeambatanishwa. Kama nafasi haitapatikana, tunaomba isomwe kwa wajumbe.
>
> Mwenyekiti wa kamati ya fedha, uchumi na mipango ameonyeshwa eneo na anafahamu ombi hili.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,

Basi, imetosha. Usiongeze historia ya chombo chenu, wala shida za dizeli ya pampu, wala wadaiwa wa maji. Kila aya unayoiongeza inamwambia mtendaji kwamba dakika 5 zitakuwa 40.

Neno lenye uzito kuliko yote pale ni "atatoka". Mwaka jana mwenyekiti wenu hakuambiwa aingie kwa sharti gani, na hakuna aliyemwambia atoke lini. Alipomaliza habari za bei ya ndoo, nani angemwambia mtu mzima ainuke? Mwenyekiti wa kijiji aliona aibu, wajumbe wakaona aibu, yeye akaona ukimya ule kuwa ni ukaribisho. Ukimya wa namna hiyo nimeuona mara nyingi, na kila mara aliyekuja kuulipia ni mgeni. Ndiyo maana kutoka kwako kunaandikwa kabla hujaingia. Mtendaji akisoma barua hiyo anapata jibu la swali analoliogopa, na mwenyekiti naye anapata maneno ya kukuruhusu utoke bila kukufukuza.

Barua ifike kabla ajenda hazijaandikwa. Mimi nilikuwa nikigawa barua za mwaliko wiki moja hivi kabla ya kikao, na ajenda zilikuwa zimepangwa siku kadhaa kabla ya hapo. Halmashauri ya kijiji hukaa kila mwezi, kwa hiyo ukichelewa huu, vibanda vinaweza kuwa na msingi kabla ya kikao kinachofuata. Peleka mapema, mkononi kwa mtendaji, na umwombe kwa mdomo jambo moja ambalo halikai vizuri kwenye barua: ajenda ya vibanda ipangwe mara baada ya yatokanayo.

Hili nalisema kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe nikiwa katibu. Mgeni aliomba nafasi, mimi kwa kutotaka kusumbua ratiba nikamweka kwenye mengineyo. Kikao kilianza saa nne asubuhi. Mengineyo tuliyafikia saa tisa. Wajumbe saba walikuwa wameshaondoka, waliobaki walikuwa na njaa, na yule mgeni alikuwa amekaa ndani tangu mwanzo kwa sababu sikuwa na mahali pa kumweka. Alisikiliza kesi ya mipaka ya mashamba ya ndugu wawili, alisikiliza jina la kijana aliyetajwa kwenye taarifa ya ulinzi na usalama. Wiki ile maneno ya kikao yalizagaa kilabuni. Kila mtu alisema ni yule mgeni. Mpaka leo sijui kama ni yeye, lakini hakuna aliyemwalika tena. Kwa hiyo usikae ndani kwenye ajenda zisizo zako hata ukikaribishwa kiti. Mambo ya watu yakivuja, mgeni ndiye anayeshikwa wa kwanza.

Siku yenyewe fika mapema na ukae nje. Kuna muuguzi wa zahanati nilimwona akifanya jambo hili sawasawa, na nimekuwa nikilieleza tangu siku hiyo. Ajenda ilikuwa shimo la taka la zahanati, kijiji kilitaka kulifukia ili eneo liwe uwanja. Alifika saa nne kasoro, akaniamkia, akaniuliza ajenda yake ni ya ngapi, kisha akaenda kukaa chini ya mwembe, karatasi zake amezikunja kwenye pindo la kitenge. Alikaa pale saa nzima. Mgambo alipokwenda kumwita, aliingia, akasimama karibu na mlango mpaka mwenyekiti alipomwonyesha kiti. Nilimpa daftari la mahudhurio, akafungua mwenyewe ukurasa wa waalikwa akaandika jina lake pale.

Hilo la daftari ni dogo lakini liangalie. Ukisaini kwenye orodha ya wajumbe unaharibu hesabu ya akidi, na kama kuna posho au soda jina lako linaingia kwenye hesabu hiyo pia. Kama daftari la kijiji chenu halina sehemu ya waalikwa, mwombe mtendaji aandike mbele ya jina lako: "mwalikwa, ajenda ya vibanda tu".

Ukishaketi, usianze wewe. Mwenyekiti atafungua ajenda, mwenyekiti wa kamati atawasilisha, na kama ulimpeleka shimoni atafika mahali pa kusema bomba lipo. Hapo ndipo utakapoitwa. Utakuwa umekuja kukamilisha maelezo yake, wala hakuna atakayesema umeyapinga.

Dakika 5 ni nyingi ukiwa na karatasi moja. Chora barabara, ghala, gati la pili, mstari wa bomba na mstari wa vibanda. Usiweke vipimo zaidi ya vitatu. Tuseme vibanda ni vya upana wa mita 3 kila kimoja, basi vibanda 18 vinachukua mita 54, na hicho ndicho kipande cha bomba kitakachokuwa chini ya sakafu. Cha pili ni kina ulichopima na mwenyekiti wa kamati. Cha tatu ni mita ngapi mstari wa vibanda ungesogea ili bomba libaki nje. Nenda na nakala kadhaa wapokezane. Ile ya kubandika ukutani inamfanya mgeni asimame mbele ya wote kama mwalimu, na wajumbe watu wazima hawapendi kufundishwa ndani ya kikao chao.

Kama una kipande cha bomba ulichokikata mwaka jana, chenye ufa, kichukue. Kiweke mezani, waambie: "Hiki kilikuwa karibu na gati la pili. Tulikigundua kwa sababu ardhi juu yake ilikuwa wazi na ililowa. Sakafu ya saruji ikiwa juu, maji yatatafuta njia chini kwa chini, tutakuja kujua ukuta ukianza kulowa, na kuziba ni kuvunja sakafu ya mtu." Halafu nyamaza. Wajumbe watakishika, watakipitisha mkono kwa mkono, wataanza kuulizana wenyewe. Mazungumzo yao hayo yaache yaende. Usiyadakie.

Katikati yake mjumbe mmoja atakugeukia: "Sasa fundi, unatushauri tupitishe au tusipitishe?" Swali hili ni zuri kulisikia na ni la hatari kulijibu. Ukisema "msipitishe", umepiga kura ambayo huna. Mjumbe anayevitaka vibanda ataacha kulipinga jambo, ataanza kukupinga wewe. Mpe njia zote mbili na gharama ya kila moja. Tuseme nyuma kuna uwanja wa mpira: mstari wa vibanda ukisogea nyuma mita 3, bomba linabaki nje na uwanja wa mpira unapungua upande mmoja. Vibanda vikibaki, bomba lihamishwe: mita 60 hivi za bomba jipya, mtaro wa kuchimbwa, na siku ya kuunganisha watu wa gati la pili wakose maji. Hilo la pili uwe umelihesabu kabla na mhasibu wenu, na uwe unajua kama chombo chenu kina fedha hizo au hakina. Kisha sema: "Lipi lichaguliwe ni la wajumbe." Hapo hutakuwa umekwepa swali, maana utakuwa umewaachia kila wanachohitaji ili waamue.

Ninakuwekea mpaka mmoja hapa. Kama kuna jambo ambalo haliwezekani kabisa kwa ufundi, liseme wazi. Kwa mfano mtu akipendekeza nguzo ya kibanda ichimbiwe pale pale juu ya maungio, usimwambie ni uamuzi wa wajumbe. Mwambie maungio yatapasuka. Adabu ya mgeni haikuzuii kusema ukweli wa kazi yako.

Utaulizwa pia yasiyo yako, na kwa hali mliyonayo nakuhakikishia yatakuja. Mmoja atauliza kwa nini ndoo imepanda bei. Mwingine atauliza gati la kule juu linafungwa saa ngapi. Yule muuguzi wangu aliulizwa dawa za shinikizo la damu zimekwisha kwa nini. Alikuwa na jibu, nilimwona usoni. Lakini alimtazama mwenyekiti akasema: "Mwenyekiti, hilo ni nje ya ajenda niliyoitiwa. Ukipenda nitalileta kwa maandishi." Mwenyekiti akasema lisubiri. Mjumbe aliyeuliza hakuudhika, maana aliyekataa alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti ana haki hiyo. Wewe usimjibu mjumbe moja kwa moja, hata kwa sentensi moja. Bei ya ndoo ndiyo iliyomzamisha mwenyekiti wenu. Ukigusa hapo, wajumbe wataona mchezo ni ule ule, aliyebadilika ni mchezaji tu.

Kisha kutoka. Usingoje uambiwe. Maswali yakipungua, wajumbe wakianza kusema wao kwa wao "mimi naona tusogeze", hiyo ndiyo alama. Inuka, useme: "Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Maelezo yangu yameisha, karatasi nimemwachia mtendaji. Naomba ruhusa niwaache wajumbe waendelee." Mwenyekiti wa watu atakuambia, "Kaa tu fundi, wewe ni mwenzetu." Ni ukarimu wa kweli, usiudharau. Shukuru, rudia ombi mara moja, kisha utoke. Kama atasema anakuhitaji kwa swali jingine, mwambie utakuwa hapo nje chini ya mti, aitishe tu.

Mtu anaweza kuuliza kuna ubaya gani kusikiliza wakiamua, iwapo husemi neno. Ubaya upo. Mjumbe ambaye mkewe anataka kibanda hawezi kusema mbele yako kwamba anaogopa uwanja ukipungua vijana watamchukia. Atanyamaza, atakubali, kisha atalivunja jambo hilo nje. Mimi kama katibu niliandika maazimio mengi yaliyokubaliwa mgeni akiwa ndani, na kikao kilichofuata, kwenye yatokanayo, wajumbe wale wale wakayarudisha mezani. Ukitoka, watagombana kweli, na watakachokiamua kitakaa.

Kikao kikiisha usimpigie simu mjumbe unayemfahamu umwulize walisemaje. Mwachie mtendaji siku mbili tatu, kisha nenda ofisini kwake umwombe dondoo ya muhtasari ya ajenda ya vibanda tu, ili uipeleke kwenye kamati ya chombo chenu. Akikupa, soma kama vipimo vyako vimeandikwa sawa. Kama pameandikwa mita 5 wakati ulisema 3, mwambie wakati huo huo, kwa sababu muhtasari utathibitishwa kikao kinachofuata na baada ya hapo kurekebisha ni shida. Usimwombe abadilishe kitu kingine chochote, hata kama namna walivyoandika maneno yako haikupendezi.

Na wakikataa kukualika? Hilo linawezekana, hasa kwa yaliyotokea mwaka jana. Karatasi yako imeambatanishwa, itasomwa, na mwenyekiti wa kamati amekwisha kuona shimo. Kwa hiyo jambo lako limeingia hata kama wewe umebaki nje. Usiandike barua ya pili ya malalamiko, na usitishie kulipeleka mkutano mkuu wala kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Milango hiyo ipo, na kama wataamua kujenga juu ya bomba, kamati yenu itakuwa na wajibu wa kuwaarifu RUWASA kwa maandishi, na mtendaji apewe nakala. Lakini hiyo ni kazi ya baada ya uamuzi. Ukiitaja kabla, umeingia kwenye kikao chao ukiwa na fimbo mkononi.

Wakiamua kusogeza mstari, muulize mtendaji siku ya kupiga kamba na kupigilia vigingi ni lini, umwambie ungependa kuwepo. Siku hiyo hakuna ajenda wala mjumbe na mwalikwa, ni watu na kamba. Lile shimo mlilochimba usilifukie mpaka kigingi cha mwisho kimeshapigiliwa, ila liwekee matawi ya miiba juu, watoto wa shule wanapita hapo.